Sufuria Hii ni ya Jiko Gani? Mistari Minne ya Kumsaidia Mnunuzi



Katika maombi ya fedha yanayofika ofisi ya miradi, mstari mmoja hujirudia mara nyingi: "Sufuria kubwa 4." Wakati mwingine huongezwa neno "imara". Anayepitisha fedha hajui sufuria hizo ni za chuma gani, zinaingia lita ngapi, wala zitakaa juu ya jiko gani. Anayetumwa sokoni Mwanga au Ujiji naye hajui. Ananunua anachokiona, na kosa hugundulika jikoni, fedha ikiwa imeshatumika.

Hali ni hiyo hiyo upande wa kuuza. Vikundi vya akina mama wanaouza vyombo mwambaoni huandika bei tu. Mteja wa mjini akikosea anaweza kurudi kesho yake akabadilishiwa. Mteja aliyeagiza kwa simu kutoka Buhingu au Kalya, sufuria ikapakiwa kwenye boti, hana njia hiyo. Akipokea isiyofaa atabaki nayo.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kila sufuria inayouzwa na kikundi, na kila sufuria inayoombewa fedha, iandikiwe maelezo ya mistari minne: imetengenezwa kwa nini, inaingia kiasi gani, inafaa jiko gani, na isafishwe vipi. Makala hii inaeleza kila mstari uandikwe nini, kisha inatoa mfano mmoja kamili.

Mstari wa kwanza: imetengenezwa kwa nini

Kuandika "alumini" peke yake hakutoshi, kwa kuwa masoko yetu yana alumini za namna mbili, na tofauti yake inagusa afya.

Namna ya kwanza ni sufuria ya kiwandani. Imetengenezwa kwa bamba la alumini lililokandamizwa na mashine. Ukiipapasa ni laini, unene wake unalingana pande zote, na mara nyingi ina chapa ya kiwanda. Tafuta pia alama ya ubora ya TBS kwenye sufuria au kwenye karatasi yake. Ubaya wa nyingi kati ya hizi ni wembamba. Bonyeza kitako kwa kidole gumba kwa nguvu. Kikibonyea, uji utaungua chini, na baada ya miezi michache kitako kitavimba na sufuria itaanza kuyumba.

Namna ya pili ni sufuria ya kusubu. Fundi anayeyusha vyuma chakavu na kuvimimina kwenye kalibu ya mchanga. Hii ni nzito, kuta zake ni nene, nje ina chembechembe za mchanga, na mara nyingi utaona kovu mahali chuma kilipomiminiwa. Akina mama wengi huipenda kwa kuwa haiyumbi wakati wa kusonga ugali na hudumu miaka mingi. Sifa hizo ni za kweli. Tatizo ni kile kilichoyeyushwa. Ndani ya chakavu huwamo vipuri vya injini, rejeta za magari na vyuma vyenye rangi, na baadhi ya vitu hivyo vina madini ya risasi.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini vilivyonunuliwa katika nchi 10 zinazoendelea, Tanzania na Kenya zikiwamo. Walichemsha ndani yake maji yenye asidi hafifu, mfano wa chakula chenye uchachu, kisha wakapima kilichotoka kwenye chuma. Takriban theluthi moja ya vyombo hivyo vilitoa risasi kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, kwa sababu risasi hudhuru ubongo ambao bado unakua. Mtoto haonyeshi dalili mara moja. Madhara hujitokeza baadaye, katika uwezo wake wa kujifunza.

Hakuna awezaye kuitambua risasi kwa macho, kwa harufu wala kwa kugonga sufuria na kusikiliza mlio. Sufuria moja ya fundi inaweza kuwa haina kabisa, na ya pili kutoka kwa fundi huyo huyo ikawa nayo, kutegemea chakavu cha siku hiyo. Kwa hiyo mstari wa kwanza hauwezi kusema "haina risasi" kama haikupimwa maabara. Unaweza kusema ukweli ulio wazi: "Alumini ya kusubu, kutoka chuma chakavu." Mnunuzi akishajua hivyo, anaweza kuamua. Ushauri wetu ni kwamba vyombo vya jikoni la watoto, vya zahanati na vya kupikia wajawazito visiwe vya kusubu.

Vyombo vingine ni rahisi kuvieleza. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, haiathiriwi na ndimu wala magadi, lakini ikiwa nyembamba huunguza haraka. Chagua yenye kitako kinene cha matabaka. Chungu cha udongo hupika maharage na samaki vizuri kwa moto mdogo, lakini hupasuka kikipata moto mkali ghafla. Sufuria na vikaango visivyoshika chakula vina utando mweusi ndani ambao haupendi moto mkali. Havifai kuchomea mawese mpaka yatoe moshi, na havifai kukaa vitupu juu ya mkaa.

Mstari wa pili: inaingia kiasi gani

Sokoni utasikia "sufuria ya kilo tano". Kilo tano za nini? Mmoja anamaanisha mchele, mwingine unga, na mwingine uzito wa sufuria yenyewe kwenye mizani. Watu watatu wanaweza kukubaliana bei ya kilo tano, na kila mmoja akawa na sufuria tofauti kichwani. Andika lita.

Kupima ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza sufuria mpaka ukingoni huku ukihesabu chupa. Chupa saba ni lita kumi na nusu. Kama maji hayapo karibu, tumia rula: pima upana wa mdomo kwa ndani na kina chake kwa sentimita. Gawa upana kwa mbili, zidisha jibu hilo kwa lenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa kina. Gawa kwa 1,000 upate lita. Sufuria yenye upana wa sentimita 28 na kina cha sentimita 17 ni 14 × 14 × 3.14 × 17, yaani 10,462, au lita 10 na kidogo. Hesabu hii ni ya sufuria yenye kuta zilizonyooka. Yenye kitako cha mviringo itaingia pungufu, kwa hiyo hiyo ipimwe kwa maji.

Lakini lita za ukingoni si lita za kupikia. Uji na maharage hupanda yanapochemka, kwa hiyo usijaze zaidi ya robo tatu. Ugali unahitaji nafasi zaidi, kwa sababu mwiko lazima uzunguke. Kwa ugali hesabu nusu ya sufuria. Ndiyo maana tunashauri kuandika namba mbili: "Lita 10 ukingoni, lita 7 na nusu za kupikia." Mnunuzi asiyezoea lita msaidie kwa chakula anachokijua. Kilo moja ya mchele ikiiva huwa karibu lita 3.

Mstari wa tatu: inafaa jiko gani

Zamani swali hili halikuwa na uzito, maana mafiga matatu hupokea chombo chochote, hata chenye kitako cha mviringo. Sasa majiko yanabadilika. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sharika nyingi zimeshapokea majiko ya gesi. Sufuria, hata hivyo, zimebaki zile zile za mafiga, na hapo ndipo ajali na hasara zinapoanzia.

Kwa jiko la mkaa, kitako kikae juu ya vishikio vyote vitatu, na mishikio ya sufuria iwe ya chuma. Ile ya plastiki huyeyuka kwa joto linalopanda pembeni.

Kwa jiko la gesi, kitako kiwe bapa. Weka sufuria tupu mezani, isukume kidogo kwa kidole. Ikicheza, isiuzwe kwa jiko la gesi. Jambo la pili ni upana. Sufuria ikizidi sana vyuma vinavyoishikilia, joto hurudi chini kuelekea bomba na vifungio. Kipimo chetu cha kawaida ni kwamba isizidi vyuma hivyo kwa zaidi ya vidole vinne kila upande. Kama jiko lina sahani mbili, pima pia umbali kutoka katikati ya sahani moja hadi katikati ya nyingine. Upana wa sufuria pamoja na mishikio ukizidi umbali huo, sufuria mbili hazitakaa pamoja, na sahani ya pili itakuwa haina kazi.

Angalizo kubwa linahusu ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake. Huo ni mwembamba na mrefu, na uzito wa chakula unakaa juu kabisa. Kusonga ugali wa muhogo juu yake ni hatari, kwa kuwa msongaji anasukuma kwa nguvu kutoka pembeni, na mtungi unaweza kuanguka pamoja na sufuria ya moto. Kwa jiko hilo andika waziwazi: "Sufuria ndogo tu, si ya kusongea ugali."

Kwa majiko ya umeme, yapo ya sahani inayopata moto yenyewe, ambayo hutaka kitako bapa tu. Yapo pia mapya ya kioo yanayopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Haya ya pili hayafanyi kazi na alumini ya kawaida wala chungu, na hata baadhi ya stenlesi hukataa. Jaribio lake halihitaji umeme: chukua kipande cha sumaku kutoka spika iliyokufa, kiguse kitakoni. Kikinasa vizuri, sufuria itafaa. Kisiponasa, jiko halitaipasha hata ukisubiri nusu saa.

Mstari wa nne: isafishwe vipi

Huku ziwani tunasugua sufuria kwa mchanga, majivu na stiliwaya mpaka ing'ae, na ng'aro hiyo imekuwa heshima ya nyumba. Kwa nje haina neno. Kwa ndani ni vizuri kuelewa kinachotokea.

Alumini hujifunika kwa utando mwembamba usioonekana, na utando huo ndio unaozuia chuma kisiingie kwenye chakula. Mchanga na stiliwaya huukwangua. Majivu na magadi huula. Sabuni ya mawese iliyozidishwa magadi ya kutengenezea sabuni nayo huula, na dalili yake ni kwamba inababua mikono ya anayeosha. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yalainike haraka yanafanya kazi hiyo hiyo kila siku wakati wa kupika. Ukiona vijishimo vidogo kama vya sindano ndani ya sufuria, chuma kimeanza kuliwa. Vijishimo vikiwa vingi, sufuria hiyo ibaki ya kuchemshia maji ya kufulia.

Weusi ni jambo jingine. Maji ya Ziwa Tanganyika yana hali ya magadi kidogo kwa asili yake, na yakichemshwa ndani ya alumini huacha rangi nyeusi au ukoko mweupe. Wengi hudhani ni uchafu, wakasugua kwa nguvu. Weusi huo peke yake hauna madhara, na hakuna haja ya kuusugua. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa au dodoki. Chakula kikigandia, loweka kwa saa chache kwanza. Usilaze ndani ya alumini chakula chenye nyanya, ndimu, ukwaju au chumvi nyingi, hasa kama ni ya kusubu. Kikishaiva, kihamishie kwenye bakuli.

Stenlesi huvumilia zaidi, lakini mchanga huichuna na chakula kikaanza kushika. Sufuria yenye utando mweusi ioshwe kwa kitambaa laini, na itumiwe mwiko wa mti. Utando ukianza kubanduka, iachwe. Chungu kioshwe kwa maji ya moto na brashi bila sabuni ya unga, kwa sababu udongo hunyonya sabuni na kuirudisha kwenye mboga. Kisitiwe maji baridi kikiwa bado cha moto.

Mfano: jikoni la chekechea

Tuchukue usharika wenye chekechea ya watoto 50. Asubuhi wanakunywa uji, ambao siku nyingine hutiwa ndimu, na mchana wanakula wali na maharage. Wana jiko la gesi la mezani la sahani mbili na jiko moja la mkaa. Ombi lao la kwanza linasema: "Sufuria kubwa 2." Bila maelezo, anayekwenda sokoni ataleta mbili za kusubu za lita 20, kwa sababu ndizo kubwa na imara.

Sasa tuhesabu. Uji wa mililita 300 kwa kila mtoto ni lita 15. Kwa kuwa uji hauzidi robo tatu, panahitajika lita 20 ukingoni. Sufuria moja ya lita 20 ina upana wa karibu sentimita 36, na ikiwa na uji inazidi kilo 15 kabla ya kuhesabu uzito wake. Ni pana mno na nzito mno kwa jiko la nyumbani la mezani. Sufuria mbili za lita 10, zenye upana wa sentimita 28, zinabeba uji ule ule, lita 7 na nusu kila moja, na sahani zote mbili zinatumika. Mpishi naye anaweza kuziteremsha bila msaada. Hapo kamati ipime kwanza kama umbali wa sahani unaziruhusu.

Mchana, mchele wa gramu 80 kwa mtoto ni kilo 4, ambao ukiiva ni lita 12. Sufuria zile zile mbili zinautosha, lita 6 kila moja. Maharage ya gramu 50 kwa mtoto ni kilo 2 na nusu. Pamoja na mchuzi wake ni kama lita 7 na nusu, na hayo yanahitaji sufuria ya tatu ya lita 10. Kwa kuwa huchukua muda mrefu, yatapikwa kwenye mkaa. Yakilowekwa usiku kucha hayatahitaji magadi, kwa hiyo alumini nene ya kiwandani inatosha. Zile mbili za uji ziwe stenlesi, kwa ajili ya ndimu na kwa kuwa wanaokula ni watoto.

Ombi lililoandikwa upya linasomeka hivi:

Sufuria 2 za uji na wali
Imetengenezwa kwa: stenlesi, kitako kinene cha matabaka.
Inaingia: lita 10 ukingoni, lita 7 na nusu za kupikia, upana sentimita 28.
Jiko: gesi ya mezani, kitako bapa, sumaku inase kitakoni.
Kusafisha: sabuni na dodoki, bila mchanga.

Sufuria 1 ya maharage
Imetengenezwa kwa: alumini nene ya kiwandani, si ya kusubu.
Inaingia: lita 10 ukingoni, lita 7 na nusu za kupikia.
Jiko: mkaa, mishikio ya chuma.
Kusafisha: sabuni na kitambaa, bila majivu, magadi wala stiliwaya ndani.

Sufuria hizi tatu zinaweza kugharimu zaidi ya zile mbili za kusubu, na kamati itaulizwa kwa nini. Jibu limo kwenye mistari yenyewe. Mfadhili akiisoma anaona fedha inalipia nini, na mnunuzi akiishika mkononi anaweza kumwambia muuzaji, "Hii sumaku hainasi, nipe nyingine."

Kwa vikundi vinavyouza, mistari hiyo hiyo iandikwe kwenye karatasi ngumu ifungwe kwa uzi kwenye mshikio, na anayeagiza kwa simu asomewe yote minne kabla hajatuma fedha. Mstari ambao muuzaji hana uhakika nao aandike "haijapimwa", asibahatishe. Kwa sharika, maombi ya vyombo vya jikoni yanayoletwa ofisini yaje na mistari minne kwa kila chombo, pamoja na aina ya jiko lililopo na umbali kati ya sahani zake.

Mungu awabariki katika kuwahudumia wadogo hawa.